Tokeni Isiyojua Mita Yake

Mwalimu alinipigia simu saa tatu na robo asubuhi, na kwa sauti yake nilijua amekwishachoka kabla siku haijaanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kiungo chenu kinaniambia kimeshatumika. Mimi sijakitumia. Nimekigusa mara moja tu, tena nimevaa miwani."

Mwalimu ni mhazini wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, na mimi na mwenzangu ndio tulioutengeneza mfumo wanaotumia kuangalia akiba zao na kuomba mikopo. Tuliamua tangu mwanzo kwamba mfumo huo hautakuwa na nywila. Mwanachama anaandika anwani yake ya barua pepe, anabonyeza "Nitumie kiungo", anakwenda kwenye kikasha chake cha barua, anagusa kiungo alichotumiwa, na yumo ndani. Hakuna cha kukariri wala cha kuandika nyuma ya shajara. Tuliona tumewapunguzia watu mzigo. Sasa mhazini mwenyewe amefungiwa nje, na siku hiyo alikuwa na mikopo ya kuidhinisha.

Nianze na jinsi jambo lenyewe linavyofanyika. Mtu yeyote aliyewahi kununua umeme wa LUKU ameshauelewa mpango huu kwa nusu. Unalipa, unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, umeme unaingia. Ukirudia kuzibonyeza tarakimu zilezile, mita inakataa, kwa sababu zimeshatumika. Kiungo cha kuingilia nacho kimebeba tokeni ya aina hiyo. Ukiomba kuingia, seva inabuni mfuatano wa herufi na tarakimu usiokisika, kwa kawaida wa baiti 32, ambao ukiandikwa kwa herufi unafika urefu wa 43. Inaubandika mwishoni mwa anwani ya tovuti, namna hii:

```
https://saccos.example/ingia?t=q7Xv...
```

Kisha inautuma kwenye barua pepe yako. Yenyewe haibaki na tokeni hiyo. Inaweka matokeo ya hesabu iitwayo SHA-256, ambayo ni rahisi kuifanya kwa kwenda mbele na haijulikani namna ya kuirudisha nyuma, pamoja na muda wa kufa kwa tokeni: kwetu sisi, dakika 15. Ukigusa kiungo, seva inaifanya tena hesabu ile juu ya tokeni uliyoileta, inalinganisha, inahakikisha muda haujapita na tokeni haijatumika, inaifuta, halafu inakipa kivinjari chako kidakuzi, yaani alama ndogo ya kukutambulisha kila unapofungua ukurasa mwingine. Kuanzia hapo barua pepe imemaliza kazi yake.

Ubora wa mpango huu unaonekana ukiutazama upande wa seva. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila za watumiaji wapatao milioni 32, zote zikiwa zimehifadhiwa wazi kama zilivyochapwa. Iliyoongoza kwa wingi ilikuwa 123456. Madhara makubwa ya wizi kama huo huanza baada ya wizi wenyewe, kwa sababu watu hutumia nywila moja mahali pengi. Mwizi anachukua anwani na nywila yake, anaipa mashine iijaribu kwenye tovuti ya duka, ya benki, ya chuo. Anayeivunja tovuti ndogo hana haja ya kuivunja kubwa, kwani wenye akaunti wamekwishambebea funguo. Kwenye mfumo wetu, atakayeiba hifadhidata usiku wa leo atapata majina na anwani, jambo baya la kutosha, lakini hatapata neno hata moja la kwenda kulijaribu kwingine. Zile alama za hesabu zitakuwa zimekufa zote kabla hajamaliza chai yake. Kwa chama kidogo kisicho na mtaalamu wa kulinda seva usiku na mchana, nauona huo ni unafuu wa kweli, na ndio ulionifanya niuchague mpango huu.

Tovuti ya Medium ilianza kuwaingiza watu kwa njia hii mwaka 2015, na hoja iliyokuwa nyuma ya mpango huo ni nyepesi kuieleza. Kila tovuti yenye nywila ina mahali palipoandikwa "Umesahau nywila?" Ukipabonyeza, unatumiwa kiungo kwa barua pepe. Maana yake ni kwamba anayelishika sanduku lako la barua anaweza kuingia popote ulipojiandikisha, nywila yako iwe ya herufi 6 au 60. Nywila ilikuwa mlango wa mbele wenye kufuli, na barua pepe mlango wa uani ulio wazi daima. Kiungo cha kuingilia kinauziba ule wa mbele na kuubakiza wa uani peke yake.

Hoja hiyo ni sahihi, ila kuna kitu inakiacha, nami sikukiona mpaka nilipoanza kusoma kumbukumbu za seva yetu kwa makini. Mtu akiingia kwako kupitia "Umesahau nywila?", lazima aweke nywila mpya. Kesho yake wewe ukija na ile ya zamani, inakataa. Unashtuka, unauliza, unajua kuna mtu amepita. Kwenye kiungo cha kuingilia hakuna kinachobadilika. Anayesoma barua zako anaomba kiungo saa nane za usiku, anakigusa, anaingia, anaifuta barua, anaondoka. Asubuhi wewe unaomba cha kwako na unaingia bila tatizo lolote. Anaweza kufanya hivyo kila wiki kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mfumo wowote wa aina hii unapaswa kumwonyesha mtumiaji, mahali asipoweza kupakosa, lini aliingia mara ya mwisho na kwa chombo gani, na kumpa kitufe cha kuwatoa wote walio ndani.

Turudi kwa Mwalimu. Nilifungua kumbukumbu za seva nikakuta mistari hii mitatu (namba za mtandao nimezibadilisha):

```
09:14:02  POST /omba-kiungo       198.51.100.23
09:14:06  GET  /ingia?t=q7Xv...   203.0.113.80    200
09:14:51  GET  /ingia?t=q7Xv...   198.51.100.23   410
```

Mstari wa kwanza ni Mwalimu anaomba kiungo, saa tatu na dakika 14. Wa tatu ni Mwalimu huyohuyo, kwa namba ileile ya mtandao, anakigusa sekunde 49 baadaye na kupewa jibu 410, yaani ulichokifuata hakipo tena. Wa katikati ndio uliokuwa na siri. Sekunde nne tu baada ya ombi, mtu mwingine kwa namba nyingine alikuwa ameshakifungua kiungo na kupokelewa. Hakuna binadamu anayepokea barua, kuifungua, kuisoma na kugusa kiungo kwa sekunde nne. Nilipoifuatilia namba ile, ilikuwa ya kituo cha seva kilicho nje ya nchi.

Mwalimu alikuwa akitumia anwani ya kazini. Barua zinazoingia kwenye anwani za ofisi mara nyingi hupitishwa kwanza kwa mkaguzi, programu inayovifungua viungo vilivyomo ili kuona kama vinaelekea kwenye ukurasa wa matapeli. Huduma ya Microsoft iitwayo Safe Links ni mojawapo ya zinazojulikana sana kwa kazi ya kuchunguza viungo. Mkaguzi alikuwa akifanya kazi yake kwa uaminifu. Alikifungua kiungo cha Mwalimu, seva yetu ikamdhania ndiye Mwalimu, ikamwingiza, ikampa kidakuzi, yeye akakitupa akaendelea na barua inayofuata. Tokeni ilikuwa imeteketea. Mwalimu alikuwa mkweli: aliigusa mara moja, lakini hakuwa wa kwanza.

Kosa lilikuwa letu. Kwenye mtandao kuna kanuni ya siku nyingi kwamba kufungua ukurasa kusibadilishe kitu. Kubadilisha ni kazi ya kitufe kinachobonyezwa kwa makusudi. Sisi tulikuwa tunaiteketeza tokeni kwa kitendo cha kuufungua ukurasa. Tulibadilisha mchana uleule: sasa kiungo kinafungua ukurasa wenye kitufe kimoja, "Ingia", na tokeni inateketezwa na kitufe hicho tu. Mwalimu akaingia. Kuna wakaguzi wachache wakali zaidi ambao huuendesha ukurasa mzima na kubonyeza hata vitufe, kwa hiyo dawa hii haiponyi kila mgonjwa. Kwetu iliponya karibu wote.

Waliobaki walisumbuliwa na kitu kingine. Mwanachama mmoja alikuwa akipata kiungo kikiwa kimekwishapitwa na muda, kila mara. Nilimwomba aifungue barua, aende kwenye maelezo yake kamili, anisomee saa zilizoandikwa kwenye mistari inayoanza na `Received`. Kati ya seva yetu kuitoa barua na seva yake kuipokea palikuwa na dakika 22. Seva za barua nyingine zina mbinu, iliyoelezwa na Evan Harris mwaka 2003, ya kumwambia mgeni wasiyemjua "rudi baadaye". Zinamjibu namba 451 na kuikataa barua kwa muda, kwa imani kwamba seva halali itajaribu tena na mtuma barua taka hatajisumbua. Seva yetu ilikuwa mgeni, ikarudi baadaye, na tokeni ikafia njiani. Barua pepe haijawahi kuahidi kufika kwa dakika moja. Ilibuniwa ili ifike, hata ikichelewa. Nywila, pamoja na ubaya wake wote, haichelewi, kwa sababu imo kichwani mwako tayari. Ikitokea mtandao wa barua umekwama, mwenye nywila anaingia, mwenye kusubiri kiungo anakodolea macho kikasha kitupu. Na huyo anayesubiri huomba kingine, na kingine, halafu vinafika vitatu kwa mpigo asijue kipi kizima.

Yote hayo ni usumbufu tu. Hatari yenyewe iko kwingine, na hapa nairudia LUKU. Tokeni ya umeme ina sifa moja ambayo watu hawaizingatii: imetengenezwa kwa mita moja. Ukinunua kwa namba ya mita yako, jirani akaziona tarakimu zote 20, hazimfai kitu, kwa sababu mita yake itazikataa. Kiungo cha kuingilia, kikitengenezwa bila uangalifu, hakina sifa hiyo. Hakijui kivinjari gani kilikiomba. Yeyote atakayekishika ndani ya zile dakika 15, awe amekipata kwa kusogezewa barua, kwa kupigwa picha kwa skrini, au kwa kumwomba mwenyewe kwa upole kwenye simu, anaingia.

Chukua mfano huu. Tapeli anafungua tovuti ya chama chetu kwenye kompyuta yake na kuandika anwani ya mwanachama. Mwanachama anapokea barua halisi, kutoka kwetu kweli, yenye kiungo halisi. Tapeli anampigia: "Mama, hapa ofisi ya chama. Kuna barua tumekutumia, nisogezee hicho kiungo kwa WhatsApp tukamilishe usajili." Hakuna alama yoyote ya uongo ndani ya barua ile, kwa sababu barua ni ya kweli. Mwongo ni aliyeiomba.

Kuna umbo jingine la mpango huu ambalo ni rahisi zaidi kutumia na ni la hatari zaidi. Unaomba kuingia kwenye kompyuta ya ofisini, unaigusa barua kwenye simu yako, na ule ukurasa wa kompyuta unajifungua wenyewe. Watu wanalipenda, maana wengi barua zao ziko kwenye simu. Lakini mweke tapeli kwenye kiti cha ile kompyuta. Sasa hahitaji hata kusogezewa kiungo. Inamtosha mwenye barua akiguse, kwa mazoea au kwa kudhani ni kitu alichosahau kukimaliza, na ukurasa utakaofunguka ni wa tapeli.

Dawa ni kuifundisha tokeni mita yake. Mtu anapoomba kiungo, kivinjari chake kinawekewa kidakuzi papo hapo, na seva inakumbuka kwamba tokeni hii na kidakuzi hiki ni pacha. Kiungo kikifunguliwa kwenye kivinjari kisicho na pacha, hakiingizi mtu. Hapo yule aliyekiiba kupitia WhatsApp anakwama, isipokuwa kama ni yeye aliyeomba tangu mwanzo, kama kwenye mfano wangu wa juu. Kwa hiyo barua yetu sasa inasema waziwazi: kiungo hiki kimeombwa saa fulani, kwa kompyuta ya aina fulani, kama si wewe, usikiguse na usimpe mtu. Si kinga kamili. Ni kumpa mtu nafasi ya kutia shaka.

Na dawa hiyo ina gharama yake. Ukiifungua barua ndani ya programu ya simu, mara nyingi kiungo hufunguka kwenye dirisha la ndani ya programu hiyo badala ya kivinjari chako cha kawaida, na dirisha hilo halivijui vidakuzi vya kivinjari. Mtu wa haki kabisa, kwenye simu yake mwenyewe, anaambiwa hatambuliki. Kwa ajili yao tuliongeza tarakimu 6 chini ya kiungo, za kuchapwa kwenye ukurasa ulioomba. Tarakimu 6 zina michanganyiko milioni moja tu. Mashine ikiachwa huru inaimaliza upesi, kwa hiyo tunaruhusu majaribio matano, basi. Lakini tarakimu zina udhaifu ambao kiungo hakina. Mtu aliyenaswa na tovuti ya bandia inayofanana na yetu atazichapa humo humo, na tapeli atazihamishia kwetu wakati huohuo. Kiungo kingempeleka kwenye tovuti ya kweli, hata kama alianzia kwenye ya uongo. Nimepima mara nyingi kati ya viwili hivi na bado naona kiungo kinafaa kuwa cha kwanza, tarakimu ziwe akiba.

Ukilinganisha na nywila, basi, tapeli wa tovuti ya bandia hupata nywila ya kutumika leo, kesho na mwaka ujao, na kwingineko pia. Tokeni anayoipata inaishi dakika chache na inaingia mahali pamoja. Hapo kiungo kimeshinda, na kimeshinda kwa mbali. Kinaposhindwa ni pale ambapo swali linakuwa: sanduku la barua ni la nani hasa?

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kwenye mwongozo wake wa utambulisho wa mwaka 2017, ilikataa barua pepe isitumike kama njia ya pili ya kumthibitisha mtu, kwa sababu kuweza kusoma barua hakuthibitishi kwamba una chombo fulani mkononi. Sanduku hufunguliwa popote na yeyote mwenye nywila yake. Mpango usio na nywila, ukiufuata hadi kwenye mzizi, unakuta nywila moja imebaki: ile ya barua pepe. Na anwani zenyewe hazidumu kama tunavyodhani. Mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba majina yasiyotumika kwa zaidi ya miezi 12 yatagawiwa watu wengine. Google nayo, tangu Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti iliyolala miaka miwili. Mwenye jina jipya akiomba kiungo kwenye tovuti uliyojiandikisha zamani, barua itamfikia yeye, na seva haina namna ya kujua kwamba mwenye nyumba amebadilika.

Hili lilitugusa mapema kuliko nilivyotarajia. Mwalimu alikuwa astaafu mwezi Desemba, na anwani ya kazini ingefungwa siku ya mwisho ya kazi. Hakuwa na nywila ya chama chetu ya kumvusha upande wa pili. Siku anwani inakufa, mhazini anakufa nayo kimfumo. Alikuja ofisini kwetu na simu yake ili tuhamishie akaunti kwenye Gmail yake binafsi. Nilimuuliza nywila ya hiyo Gmail.

"Siijui. Alinifungulia Juma, mtoto wa dada yangu, siku niliponunua simu ya kwanza."

Tulifungua mipangilio. Namba ya kurejeshea akaunti ilikuwa ya Juma, laini aliyoiacha miaka mingi iliyopita. Mitandao ya simu huwauzia watu wengine laini zilizolala. Kwa hiyo mtu mmoja asiyejulikana, mahali fulani, huenda alikuwa ameshika mfukoni namba inayoweza kuifungua barua pepe ya Mwalimu, na kupitia barua hiyo, akaunti inayoidhinisha mikopo ya walimu wenzake. Wala mtu huyo asingejua anacho nini.

Jioni ile tuliongeza jambo moja kwenye mfumo ambalo lingepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza: kuangalia akiba kunatosha kiungo, lakini kuidhinisha mkopo kunadai pia uthibitisho kwenye simu iliyosajiliwa ofisini mbele ya katibu. Kubadilisha anwani ya barua pepe ya mwanachama nako kukawa hivyo hivyo, na anwani ya zamani inapewa taarifa siku tatu kabla.

Kisha tukairudia Gmail yake. Aliweka nywila mpya, sentensi ya maneno matano ambayo sikutaka kuisikia, akaindika kwenye karatasi ya kuhifadhiwa nyumbani pamoja na hati za kiwanja. Akaifuta namba ya Juma, akaandika ya kwake. Simu ikalia, tarakimu sita zikaingia, naye, kama mwalimu aliyesoma kwa sauti mbele ya darasa kwa miaka 36, akaanza: "Nne, saba, sifuri..."

"Mwalimu," nikamwambia, "zichape mwenyewe, usinisomee hata mimi."

Akanyamaza, akaigeuza simu upande wake, akazichapa polepole kwa kidole kimoja.